Kifua Kikuu Kimepona, Mbona Pumzi Haijarudi?

Tumtazame mkulima mmoja wa korosho wa huko Ruangwa. Amemeza dawa za kifua kikuu miezi 6 barabara, makohozi yamepimwa na vijidudu havimo. Hata hivyo, akipanda kilima kidogo tu hutweta na kukaa chini ya mti. Majirani husema amerogwa, au alitupa vidonge. Wamekosa wote.

Dawa huua vijidudu, lakini hazijengi upya pafu lililokwisha kuliwa. Penye kidonda hubaki kovu gumu, pengine shimo, na mirija ya pumzi hulegea ikahifadhi makohozi. Hapo ndipo wengi huponzwa: picha ya kifua huonyesha makovu yale, naye huanzishiwa tena dawa za kifua kikuu bure. Picha peke yake haitoshi, makohozi yapimwe. Tena amwambie mganga kwamba aliwahi kuugua, maana mashine ya kupimia huweza kuonyesha hata mabaki ya vijidudu vilivyokufa.

Kosa la pili hufanywa nyumbani kwa huruma. Mgonjwa huambiwa, "Baba, pumzika." Akikaa kitako miezi, miguu hulegea, na miguu iliyolegea hudai pumzi nyingi kwa kazi ndogo. Kovu halifutiki, ila miguu huweza kutiwa nguvu.

Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watu wa namna hii walifanyizwa mazoezi na kufundishwa mara 2 kwa juma, majuma 6. Habari zao zilichapishwa mwaka 2017: walitembea mbali zaidi kuliko mwanzo. Walikuwa wachache, lakini vyombo vyao havikuwa vya anasa.

Mkulima wetu apimwe kwanza na mganga, kisha aanze kutembea mahali tambarare, dakika 10 hivi. Mwendo uwe wa kumtwetesha kidogo, lakini aweze kusema maneno machache. Akishindwa kusema, apunguze. Pumzi aivute kwa pua, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa kama apulizaye chai ya moto. Siku zikipita aongeze dakika; nyumbani asimame na kuketi kitini mara kadhaa, na kuinua chupa zilizojaa maji. Kutweta kwenyewe si hatari, mradi kutulie akipumzika. Lakini maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kuacha na kwenda hospitali. Akiacha mazoezi kabisa, nguvu aliyoipata hupotea tena.

Akikohoa damu, akipata homa, jasho la usiku au kukonda, asingoje: huenda ugonjwa umerudi.

Tumbaku aiache kabisa. Na majira ya kupulizia mikorosho salfa yakifika, kazi hiyo ifanywe na mwingine aliyejifunika pua na mdomo, naye mwenyewe akae mbali, upande upepo utokako.