Kufupisha barua ya Kifaransa bila kuivua heshima

Barua ya kiofisi ya Kifaransa hufungwa kwa sentensi ambayo asiyeizoea huisoma mara mbili: «Je vous prie d'agréer, Monsieur le Directeur, l'expression de mes sentiments respectueux.» Maana yake ni kumwomba Bwana Mkurugenzi akubali kupokea maelezo ya hisia za heshima alizo nazo mwandishi. Ndani ya sentensi hiyo hamna habari mpya, wala ombi, wala tarehe. Hata hivyo, barua isiyo nayo humfikia msomaji wa Kifaransa kama mgeni aliyeondoka bila kuaga. Anayetaka kuandika Kifaransa cha kiofisi chenye sura ya leo lazima kwanza ajue ni sehemu gani za sentensi hii zinazobeba heshima, na ni zipi zilizobaki kwa mazoea tu.

Sehemu ya kwanza ni kitenzi. «Je vous prie d'agréer» ni ombi, na ndiyo njia ya unyenyekevu zaidi. «Veuillez agréer» ni amri iliyolainishwa, nayo inafaa karibu kila mahali. «Recevez» ni fupi na ya kawaida, hutumika baina ya walio sawa au kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Baada ya kitenzi huja jina la heshima la anayeandikiwa, likiwa kati ya mikato miwili. Kisha huja kitu anachoombwa akipokee: hisia, salamu, heshima au staha. Mwisho ni kivumishi, na hapo ndipo ngazi za vyeo huonekana. «Distingués» haielemei upande wowote. «Respectueux» humtazama aliye juu. «Haute considération» huwaendea wenye madaraka makubwa, na «très haute considération» hupanda zaidi ya hapo.

Ngazi hizo zina historia. Katika karne ya 17 na ya 18 mwandishi alijiita mtumishi mnyenyekevu na mtiifu wa anayemwandikia, hata pale ambapo hakuwa mtumishi wake kwa namna yoyote. Baada ya mapinduzi ya 1789, wanamapinduzi walijaribu kuyafuta hayo yote. Barua za ofisi zikafungwa kwa maneno matatu, «Salut et fraternité», yaani salamu na udugu. Jaribio hilo halikudumu. Chini ya Napoleoni kauli ndefu zilirudi, na zikakomaa katika ofisi za karne ya 19. Funzo lake bado lina uzito kwa anayetaka mageuzi leo: kauli ya kufungia barua haifutiki kwa urahisi, ila hupunguzwa.

Upunguzaji ulio salama huanzia kwenye nomino. Katika «l'expression de mes sentiments distingués» hisia hazitumwi zenyewe, hutumwa maelezo yake. Hatua hiyo ya katikati haina kazi. Neno «salutations» likichukua nafasi ya hisia, sentensi husimama bila msaada: «Veuillez agréer, Monsieur le Directeur, mes salutations distinguées.» Maneno yamepungua, lakini kitenzi cha adabu kipo, cheo kipo, kivumishi kipo. Hakuna mkurugenzi atakayeona amedharauliwa. Faida nyingine ni kwamba swali la kale la nani anaruhusiwa kumtumia nani hisia huondoka kabisa. Vitabu vya adabu vya zamani vilimwonya mwanamke asimtumie mwanamume «sentiments», na mwanamume naye achunge anapomwandikia mwanamke. Salamu humwendea yeyote.

Wanaofupisha bila kuelewa muundo huangukia makosa mawili. La kwanza ni kuchanganya ya kale na mapya: «l'expression de mes salutations distinguées». Salamu tayari ni maelezo, kwa hiyo hapo mwandishi anatuma maelezo ya maelezo. Kosa hili limeenea sana, hata kwenye barua za ofisi kubwa. La pili limejificha katika sarufi. Wengi huandika «Dans l'attente de votre réponse, veuillez agréer…», yaani katika kusubiri jibu lako, tafadhali pokea. Kwa sarufi ya Kifaransa anayesubiri hapo anakuwa msomaji, ilhali anayesubiri ni mwandishi. Sahihi ni «Dans l'attente de votre réponse, je vous prie d'agréer…», au kuzitenganisha sentensi hizo mbili kwa nukta, na hilo ndilo bora zaidi.

Kuna jambo moja lisilopaswa kuguswa hata kidogo: jina la heshima lililo mwishoni lazima lifanane neno kwa neno na lile la mwanzoni. Barua iliyoanza na «Madame la Directrice» haimalizwi na «Madame» peke yake. Mfaransa huisikia tofauti hiyo mara moja, kuliko anavyosikia kupungua kwa maneno mengine yoyote. Urasmi wa Kifaransa umejengwa juu ya cheo sahihi, juu ya «vous» isiyoteleza kuwa «tu», na juu ya sentensi kamili. Urefu haumo katika misingi hiyo.

Mwili wa barua nao una ngazi zake zilizofichika. Kwa desturi ya ofisi za Ufaransa, mdogo humwandikia mkubwa «je vous prie de bien vouloir», na mkubwa humwandikia mdogo «je vous prie de vouloir bien». Maneno ni yale yale, mpangilio tu ndio umegeuka, na kwa desturi hiyo wa pili ni amri. Mdogo vilevile «rend compte», hutoa taarifa kwa aliye juu, ilhali mkubwa «fait connaître», hujulisha. Kati ya maofisa wenyewe utaratibu huo una maana. Kwa raia wa kawaida anayepokea barua nyumbani hauna maana yoyote, kwa sababu hajawahi kufundishwa, na barua inayotegemea siri za ofisini haimfikii.

Hilo ndilo lililoisukuma serikali ya Ufaransa kuunda, mwaka 2001, kamati ya kurahisisha lugha ya kiutawala, iliyojulikana kwa kifupi kama COSLA. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi: amri ya kifalme ya Villers-Cotterêts ya 1539, inayokumbukwa kwa kukifanya Kifaransa lugha ya hati za sheria, ilitaka pia hukumu ziandikwe kwa uwazi usioacha shaka. Hatua nyingine ilikuja Februari 2012, pale waraka wa waziri mkuu ulipoagiza neno «Mademoiselle» liondolewe kwenye fomu za serikali na «Madame» litumike kwa wanawake wote. Kwa waraka mmoja, swali lililokuwa likimtaka mwanamke atangaze kama ameolewa likaondolewa kwenye fomu, na urasmi haukupungua.

Mfano mmoja waonyesha kazi inavyokwenda. Tuseme raia ameomba cheti cha makazi na akasahau kuambatisha karatasi moja. Ofisi ya mtindo wa zamani humjibu hivi:

«J'ai l'honneur d'accuser réception de votre courrier du 4 mars par lequel vous sollicitez la délivrance d'une attestation de résidence. J'ai toutefois le regret de vous faire connaître que votre dossier ne saurait être instruit en l'état, eu égard à l'absence de justificatif de domicile. Il vous appartient en conséquence de me faire parvenir ladite pièce dans les meilleurs délais, faute de quoi votre demande sera classée sans suite.»

Msomaji anapata heshima ya kupokelewa barua yake na majuto ya ofisa, lakini linalomhusu, yaani karatasi inayokosekana, limefichwa mwishoni mwa sentensi ya pili. Neno «instruit» humaanisha hapa kushughulikiwa kwa jalada, ingawa mtu wa kawaida hulijua kwa maana ya aliyesoma. «Classée» anaweza kuielewa kuwa ombi lake limewekwa mahali pazuri. Baya kuliko yote ni «dans les meilleurs délais», haraka iwezekanavyo: maneno yanasikika kama agizo, lakini hayana tarehe, na raia hawezi kujua lini atakuwa amechelewa. Barua hiyo hiyo ikiandikwa upya:

«Vous avez demandé une attestation de résidence par courrier du 4 mars. Il manque à votre dossier un justificatif de domicile. Je vous prie de me l'envoyer avant le 15 avril. Sans ce document, je devrai clore votre dossier. Veuillez agréer, Monsieur, mes salutations distinguées.»

Kila kilichokuwa na kazi kimebaki: ombi lililotolewa, karatasi inayokosekana, matokeo ya kutoileta, na adabu. Kilichoongezeka ni tarehe. «Je vous prie de» imebaki kwa makusudi, kwa sababu amri tupu, «Envoyez-le-moi», ingekuwa fupi zaidi lakini ingevuka mpaka wa adabu. Na «je», mimi, imechukua nafasi ya sauti isiyo na mwenyewe iliyosema «il vous appartient», ni juu yako. Ofisa anayesema «mimi» huonekana anawajibika, na kwa Kifaransa hilo halimshushi hadhi.

Kazi ikigeuka, raia akiwa ndiye mwombaji, uangalifu huongezeka. Mashariki mwa Kongo, ambako Kifaransa ni lugha ya serikali na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, barua za maombi huanza mara nyingi hivi: «J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute personnalité solliciter…», nina heshima ya kuja mbele ya utu wako mtukufu kuomba. Kumshauri mwombaji wa Lubumbashi au Bukavu afute sentensi nzima ni kumweka hatarini, kwa kuwa msomaji wake wa kwanza ni karani aliyezoea kuiona. Njia ya kati ipo: «Monsieur le Bourgmestre, j'ai l'honneur de vous demander une attestation de résidence.» Heshima imebaki ilipotarajiwa, utukufu wa kupitiliza umeondoka, na ombi lenyewe limesogea kwenye mstari wa kwanza. Mwisho waweza kuwa «l'expression de mon respect», ambayo ni fupi na bado inatazama juu.

Maneno mengine hayapaswi kurahisishwa hata yakisikika magumu. «Mise en demeure» ni onyo lenye matokeo ya kisheria. Likiitwa «rappel», yaani kumbusho, barua haisemi tena jambo lile lile. Ndivyo ilivyo pia kwa «recours», njia ya kupinga uamuzi. Maneno ya namna hii huachwa yalivyo, na sentensi moja ya kawaida huongezwa kando yake kueleza maana.

Barua pepe imeleta «Cordialement», inayofaa baina ya watu wanaofanya kazi pamoja. Kwa ofisi usiyoijua ni nyepesi mno, na «Salutations distinguées» bila kitenzi hukaa katikati, ikitosha kwa ujumbe mfupi. Juu kabisa, katika barua rasmi kati ya ubalozi na wizara ya mambo ya nje, kauli ndefu ya «haute considération» imebaki bila kupunguzwa. Huko haifai kuiondoa kwa nia ya kufupisha, maana nchi inayopokea barua isiyo nayo yaweza kuuchukulia upungufu huo kuwa ni dalili ya kuudhika.