Kuzidisha kwa Mashine Isiyo na Amri ya Kuzidisha

Kwenye meza ya maabara kuna ubao wa kujifunzia wenye kichakataji cha Intel 8085, kilichotolewa mwaka 1976. Una vitufe vichache na kioo kidogo cha tarakimu zinazowaka, na programu huingizwa humo amri moja moja, kila amri kwa namba yake. Mwanafunzi akiufungua mwongozo ataona amri ya kujumlisha, ya kutoa, ya kuongeza moja na ya kupunguza moja. Ya kuzidisha haimo. Ya kugawanya nayo haimo. Lakini zoezi la siku hiyo linamtaka azidishe namba mbili, kisha alitoe jibu kwa tarakimu za kawaida, na ili kupata tarakimu hizo hana budi kugawanya kwa kumi.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kujumlisha mara nyingi. Ukitaka 200 mara 200, unajumlisha 200 mara mia mbili. Jibu linapatikana, ila kila mzunguko hula mapigo 24 ya saa ya kichakataji, kwa hiyo hesabu nzima inameza takribani mapigo 4,800. Ipo pia hatari iliyojificha. Mtu akizidisha kwa sifuri, programu inayojumlisha kwanza na kupunguza kihesabio baadaye itashuka kutoka 0 hadi 255, na itajumlisha mara 256 kabla ya kusimama.

Njia bora tuliifundishwa shule ya msingi. Ukizidisha kwa karatasi na kalamu, unachukua tarakimu moja ya kizidishi, unazidisha, unaandika, unasogea nafasi moja, kisha mwishoni unajumlisha. Kazi ngumu pale ni kulikumbuka jedwali la kuzidisha. Kichakataji kinahesabu kwa sifuri na moja tu, kwa hiyo jedwali lake lina mistari miwili: mara sifuri ni sifuri, mara moja ni namba yenyewe. Kinachobaki ni kusogeza na kujumlisha. Na kusogeza tarakimu zote nafasi moja kwenda kushoto, katika mfumo wa sifuri na moja, ni sawa na kuzidisha kwa mbili.

Tuchukue 13 mara 11. Kumi na moja huandikwa 1011. Tunaanza na jibu la 0 na kuisoma 1011 kutoka kushoto, na kila tunapofika kwenye tarakimu tunalikuza jibu mara mbili, kisha tunaongeza 13 ikiwa tarakimu hiyo ni 1. Tarakimu ya kwanza ni 1: sifuri mara mbili ni sifuri, ongeza 13, tunapata 13. Ya pili ni 0: tunakuza tu, tunapata 26. Ya tatu ni 1: 52, ongeza 13, ni 65. Ya nne ni 1: 130, ongeza 13, ni 143. Hivyo ndivyo 8085 itakavyofanya, isipokuwa yenyewe itazunguka mara nane kwa sababu kizidishi kinakaa katika biti nane, na zile sifuri nne za mwanzo hazibadilishi kitu.

```
      MVI C,8
      LXI H,0
ZIDI: DAD H
      MOV A,B
      RLC
      MOV B,A
      JNC RUKA
      DAD D
RUKA: DCR C
      JNZ ZIDI
```

Jibu linajengwa katika HL, jozi ya rejista yenye biti 16. Kumi na tatu imewekwa katika DE na 11 katika B. `DAD H` inaijumlisha HL na yenyewe, yaani inaikuza mara mbili. `RLC` inaizungusha namba nafasi moja kwenda kushoto, na biti iliyotokea ukingoni inaachwa katika bendera ya kubeba, kile kialama cha biti moja ambacho kichakataji hukitumia kukumbuka kilichozidi nafasi. `JNC` inaiangalia bendera hiyo: ikiwa ni sifuri, inairuka `DAD D`. Kuna uzuri mdogo wa ziada hapa. Kwa kuwa biti inayotoka kushoto huingizwa tena kulia, baada ya mizunguko minane B imerudi kuwa 11 kama ilivyoanza, tayari kutumiwa tena.

Mzunguko wenye biti 0 unachukua mapigo 46, wenye biti 1 unachukua 53. Kwa hiyo hata kizidishi kiwe kikubwa namna gani, hesabu haifiki mapigo 430. Ile ya 200 mara 200 iliyokula 4,800 sasa inakwisha kwa chini ya mia nne. Hata hivyo, kwa vizidishi vidogo njia ya kujumlisha mara kwa mara ndiyo yenye kasi. Ukihesabu mapigo moja moja utaona kwamba hadi 15 inashinda ile ya kijinga, na ni kuanzia 16 tu ndipo kusogeza kunapolipa.

Sasa niseme jambo kuhusu namba za kujaribia. Katika ubao huu, `DAD H` huingizwa kwa 29 na `DAD D` kwa 19. Kidole kikiteleza na kuandika 19 mahali pa 29, hakuna tena kukuza mara mbili: kila mzunguko unaongeza 13 tu, na kila biti ya 1 inaongeza 13 nyingine. Kwa kizidishi cha 11 hiyo ni mizunguko minane, na biti tatu za 1, jumla nyongeza kumi na moja. Kumi na moja mara 13 ni 143. Programu imeharibika kabisa na jibu ni sahihi! Mtu akijaribu kwa 13 na 11 peke yake ataondoka akijipongeza. Akijaribu kwa 12 atapata 130 badala ya 156, na hapo ataanza kukagua vitufe alivyobonyeza.

Jibu la 143 kwenye kioo cha ubao linaonekana kama `8F`, kwa kuwa ubao huonyesha namba kwa mfumo wa kumi na sita. Ili tusome 1, 4 na 3 lazima tugawanye kwa 10. Kugawanya nako ni kule kwa shule: shusha tarakimu, uliza kama kigawanyo kinaingia, toa, andika, endelea. Tofauti ni kwamba mtu huangalia kwa macho akajua kama 10 inaingia katika 8. Mashine haina macho hayo. Inatoa kwanza, kisha inaangalia kama imekopa. Ikiwa imekopa, ilikosea kutoa, kwa hiyo inarudisha ilichokitoa na kuandika 0 katika jibu. Ndiyo maana njia hii huitwa kugawanya kwa kurudisha.

Namba 143 ni 10001111. Tunashusha biti zake moja moja upande wa baki. Nne za kwanza zinatufanyia baki ya 1, 2, 4, 8, na kila tukijaribu kutoa 10 tunakopa, tunarudisha, tunaandika 0. Biti ya tano inaifanya 8 kuwa 17. Tunatoa 10, inabaki 7, tunaandika 1. Ya sita: 15, inabaki 5, tunaandika 1. Ya saba: 11, inabaki 1, tunaandika 1. Ya nane: 3, haitoshi, tunarudisha, tunaandika 0. Jibu ni 00001110, yaani 14, na baki ni 3. Hiyo 3 ndiyo tarakimu ya mwisho. Tukiigawanya 14 tena kwa 10 tunapata 1 na baki 4.

```
GAWA: DAD H
      MOV A,H
      SUB D
      JC  RUKA
      MOV H,A
      INR L
RUKA: DCR C
      JNZ GAWA
```

Hapa C imeanza na 8, D ina kigawanyo, L ina namba inayogawanywa na H, yenye sifuri, ndiyo sehemu ya baki. Kila L inaposogea kushoto inaacha nafasi tupu kulia, na nafasi hiyo hiyo inapokea biti ya jibu, kwa hiyo namba ya zamani inatoka huku jibu likiingia. Kutoa kunafanyika kwenye nakala iliyoko A. Kukikopwa, kurudisha ni kutoihifadhi tu ile nakala. Wanaotaka kufuata jina la njia kwa uaminifu huongeza `ADD D`, lakini sioni faida ya kulipa mapigo ya ziada.

Programu hii haina kosa kwa namba za biti nane. Mwanafunzi hodari atataka kuipanua: aweke namba ya biti 16 katika HL nzima na kuigawanya kwa namba ya biti nane. Ajaribu 40,000 kwa 10 na atapata upuuzi mara moja, kwa sababu jibu la 4,000 haliwezi kukaa katika L. Sharti ni kwamba H iwe ndogo kuliko D kabla ya kuanza. Basi ajaribu 40,000 kwa 200. H ni 156, sharti limetimia, na jibu linapaswa kuwa 200 bila baki. Ubao unampa 36, baki 32.

Kosa la namna hii ni baya kwa sababu lina sura ya ukweli. Baki ni ndogo kuliko kigawanyo, kama inavyotakiwa. Dawa ni kuzidisha kurudi nyuma: 36 mara 200, ongeza 32, ni 7,232. Imepungua kutoka 40,000 kwa 32,768 kamili, na hiyo ndiyo thamani ya biti ya juu kabisa katika namba ya biti 16. Tofauti yenyewe inamtaja mhalifu. Biti ile ilidondoka kwenye `DAD H` ya kwanza: baki ya 156 ilikuzwa ikawa 312, H haiwezi kubeba zaidi ya 255, ikabaki 56, na 56 haitoshi kutolewa 200. Ile biti ya tisa haikupotea kweli. Ilikaa katika bendera ya kubeba, ila hakuna aliyeitazama kabla `SUB` haijaifuta.

```
GAWA: DAD H
      MOV A,H
      JC  TOA
      CMP D
      JC  RUKA
TOA:  SUB D
      MOV H,A
      INR L
```

Bendera ikiwa 1, baki imevuka 255 na hakika ni kubwa kuliko kigawanyo chochote cha biti nane, kwa hiyo tunatoa bila kuuliza. Hamsini na sita toa 200 kwa biti nane ni 112, na 312 toa 200 ni hiyo hiyo 112.

Kigawanyo cha sifuri hakijatibiwa. Kutoa sifuri hakukopi kamwe, kwa hiyo kila biti ya jibu inakuwa 1: ubao unaonyesha 255, na baki ni namba yenyewe uliyotaka kuigawanya.

Intel ilipotoa 8086 mwaka 1978, amri za `MUL` na `DIV` zilikuwemo, na `DIV` ilijua kusimamisha programu pale kigawanyo kilipokuwa sifuri au jibu lisipoenea. Ndani yake kuzidisha kulikuwa bado ni kusogeza na kujumlisha, safari hii kwa maagizo yaliyochongwa ndani ya kichakataji. Na vichakataji visivyo na amri hizo havijaisha. Kile cha ubao wa Arduino Uno, ATmega328P, kina amri ya kuzidisha lakini hakina ya kugawanya. Ukiandika `x / y` kwa baiti mbili ambazo thamani zake hazijulikani mapema, kitafsiri cha C kinaweka wito wa `__udivmodqi4`, na ukiifungua utakuta biti zinasogezwa, zinalinganishwa na kutolewa kama hapa juu. Mpe `y` sifuri na hutaona onyo lolote. Utapata 255.