Dakika 5 kuwa 30 bila kuongeza maji kwenye uji

Haya wadau, hii ilinitokea hapa hapa Maretadu, nikaona niwamegee.

Nilipewa dakika 5 kikundini nieleze ile mifuko ya kuhifadhi mahindi bila dawa, yenye nailoni mbili ndani ya kiroba. Nikasema mambo matatu: kausha mahindi, kamua hewa, funga kila nailoni peke yake. Makofi! Wakaniambia nirudi wiki ijayo, nusu saa nzima.

Nikarudi na porojo. Historia ya kilimo, vichekesho, halafu yale yale matatu kwa maneno mengine. Dakika ya 12 watu wanachungulia nje. Mama mmoja akanyoosha mkono: "Mwanangu, umesema tukaushe. Nitajuaje yamekauka?" Sikuwa na jibu, jamani.

Kumbe swali lake ndiyo nusu saa yenyewe. Mara ya tatu sikuongeza jambo la nne. Nilichukua lile la kwanza tu nikalichimba: utajuaje, kwa nini, na ukikosea inakuwaje.

Dakika 5 za mwanzo, hotuba ileile ya zamani. Dakika 5 zilizofuata, kazi kwa mikono: chupa mbili za kioo, kavu kabisa, moja mahindi makavu, nyingine yaliyovunwa juzi. Kila moja ijae kama theluthi, weka vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja. Wao ndio walitikisa, siyo mimi.

Kisha chupa zinatulia dakika 15. Hapo ndipo "kwa nini" inapata nafasi. Nikaeleza kwamba wadudu ndani ya mfuko wanamaliza hewa yao wenyewe, wanaacha kula, wanakufa. Ila mfuko hautoi unyevu. Ukifunga mahindi mabichi, wadudu watakufa lakini kuvu itaota. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na huku mkoani kwetu Manyara. Ukumbi kimya.

Dakika 5 za mwisho tukasoma chupa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isiponata, umepita hapo, ila kwa mfuko inatakiwa 13 hivi, kwa hiyo ongeza jua kidogo. Mzee mmoja akatoa mahindi mfukoni mwa koti, anataka apimiwe na yeye!

Kipimo ninachotumia sasa: nikifuta sehemu ya maelezo na msikilizaji bado anaweza kufanya kazi nyumbani bila kukosea, hiyo ilikuwa porojo. Futa dakika ya chupa uone kama utajua yamekauka.

Kasoro ipo: kukamua hewa na kufunga vilibaki kwa ufupi. Hivyo viwili ni nusu saa nyingine, msivibane humo humo.

Wewe ukipewa nusu saa, ungechimba sentensi ipi? Tupia hapo chini.