Shilingi 338,000 ziko wapi?

Chukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi. Mwisho wa mwezi, daftari la fedha linaonyesha salio la benki la shilingi 2,450,000, lakini taarifa ya benki inasema 2,788,000.

Mwenye duka anaanza kwa kuhakikisha salio la mwanzo wa mwezi linalingana pande zote mbili. Kisha anapitia taarifa mstari kwa mstari, akitia vema kila kiasi kinachoonekana kote kuwili. Visivyo na vema ndivyo vya kuchunguza.

Vinabaki vitatu. Hundi ya 200,000 imeandikwa daftarini, ila mpokeaji hajaipeleka benki. Taarifa inapunguzwa na kuwa 2,588,000. Makato ya benki ya 12,000 hayamo daftarini, hivyo salio la daftari linashuka hadi 2,438,000.

Cha tatu ni malipo ya saruji, 150,000, yaliyoandikwa mara mbili: kwanza kutoka kwenye ankara, kisha kutoka kwenye risiti. Benki inayaonyesha mara moja. Yakirudishwa, daftari nalo linafika 2,588,000.

Kiasi kufanana pekee hakitoshi kufuta mstari, kwani mteja anaweza kununua mara mbili. Namba ya muamala ndiyo huamua.