Swali la kumuuliza Kamishna kabla ya kuuza jengo

Chukulia mfanyabiashara wa Nakuru, aliyesajiliwa kutoza VAT, anayetaka kuuza jengo lake kwa shilingi milioni 80. Chini kuna maduka, juu nyumba za kupanga. Nchini Kenya, uuzaji wa nyumba ya makazi hautozwi VAT, lakini mamlaka ya mapato huidai kodi hiyo kwenye majengo ya biashara. Bei yote ikitozwa asilimia 16, kodi ni milioni 12.8. Yakitozwa maduka peke yake, yenye thamani ya milioni 20, inashuka hadi milioni 3.2.

Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamruhusu kuuliza mapema. Anamwandikia Kamishna kuomba uamuzi unaohusu mauzo yake tu, na Kamishna ana siku 60 za kujibu. Kwa hiyo barua itangulie sahihi za mkataba.

Wengi huharibu mambo kwenye swali lenyewe. “Je, nitalipa VAT nikiuza jengo langu?” haliwezi kujibiwa vizuri, kwani jengo hili ni mali ya aina mbili chini ya paa moja. Swali linalofaa huuliza hivi: je, sehemu ya bei inayohusu nyumba za juu imesamehewa kodi, na je, bei inaweza kugawanywa kwa kufuata ripoti ya mthamini iliyoambatishwa? Hapo Kamishna anajua anachoamua. Sheria inamtaka pia mwombaji aeleze maoni yake kikamilifu: anaielewaje sheria, na kwa nini.

Maelezo ya ukweli ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi. Barua iambatishwe rasimu ya mkataba, hati ya umiliki, ramani za ghorofa na mikataba ya wapangaji. Sasa, tuseme nyumba moja ya juu hukodishwa kwa watalii kwa siku chache chache. Mwenye jengo anaweza kuiona ni jambo dogo, akaandika tu kwamba juu kote ni makazi. Lakini malazi ya watalii hayahesabiwi kuwa makazi katika sheria ya VAT. Uamuzi humfunga Kamishna pale tu mwombaji alipoeleza muamala wote kwa usahihi, na muamala ukafanyika kama ulivyoelezwa katika mambo yote ya msingi. Wakaguzi wakikuta wageni hao baadaye, barua ya Kamishna haitamkinga muuzaji.

Mwombaji mwenyewe hafungwi na uamuzi. Akiona umekosea, anaweza kushikilia msimamo wake, ingawa ajiandae kutetea hoja zake kodi ikikadiriwa. Jirani mwenye jengo linalofanana naye hawezi kuutumia uamuzi huo. Itabidi aombe wake.

Na mnunuzi akibadili nia, akataka maduka pekee, muamala ulioelezwa haupo tena. Muuzaji anapaswa kuandika ombi jipya, lenye bei mpya na rasimu mpya ya mkataba, kabla ya kutia sahihi.