Soda Mpya Huzinduliwa Kwenye Friji ya Mangi

"Mangi, ile soda ya redioni ipo?"

"Haijafika."

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kwenye duka moja Mbagala nikayasikia maneno hayo mara nne ndani ya saa moja. Tangazo la ladha mpya lilikuwa linaruka redioni kwa wiki mbili, na mabango yalishatundikwa hadi kituo cha daladala, lakini gari la depo lilikuwa halijapita mtaa ule. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioliandaa tangazo lile, basi nikanywa soda yangu ya chungwa kimya kimya. Niliporudi siku chache baadaye, mangi alikuwa amebandika karatasi kwenye nondo za dirisha: "Soda mpya haijafika. Usiulize."

Tangu hapo, nikipewa mpango wa kuzindua kinywaji, huanza kuusoma kutoka mwisho. Swali la kwanza ni hili: chupa itakuwa kwenye friji za maduka siku gani? Ukishalijibu hilo, unahesabu kurudi nyuma hadi siku ambayo tangazo la kwanza linaruhusiwa kusikika.

Tuchukue soda ya ukwaju, chupa ya plastiki ya mililita 350, izinduliwe katika maduka 600 ya Temeke na Ilala. Siku iwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia. Kila duka lipokee pakiti tatu za chupa 12, yaani chupa 36. Jumla ni chupa 21,600. Depo ibaki na nusu ya hizo, 10,800, kwa ajili ya safari ya pili, maana duka lililouza chupa zote Jumapili halitakiwi kusubiri hadi Ijumaa.

Kwa nini basi zisitengenezwe mapema, mwezi mzima kabla, tukalala usingizi? Kwa sababu plastiki haizuii gesi kabisa. Gesi inayoifanya soda ichome kooni hupenya taratibu kwenye kuta za chupa, na chupa ndogo huipoteza upesi kuliko kubwa. Joto huongeza kasi hiyo. Ukizirundika kwenye stoo ya mabati, mteja wako wa kwanza atakutana na maji ya sukari yenye rangi ya ukwaju. Kwa hiyo kiwanda huanza kujaza kama wiki mbili kabla. Kinachopaswa kuanza mapema zaidi ni karatasi: alama ya ubora ya TBS, stempu za kodi za kielektroniki za TRA, na lebo zenyewe. Nimeona mitambo ikisimama kwa kukosa lebo, huku sharubati ya soda imeshachanganywa.

Sasa vionjo. Kionjo ni tangazo linalodokeza bila kusema: rangi ya kahawia kwenye mgongo wa daladala, sauti ya mtu akifinya mdomo kwa uchachu, na tarehe. Kazi yake ni kuwafanya watu wabishane ni ladha gani inakuja. Lakini kionjo ni ahadi, na ahadi ikikaa sana huchacha. Siku saba zinatosha. Zaidi ya hapo mteja huchoka, tena unamfungulia mshindani dirisha.

Kisa cha Koka-Kola mwaka 1985 kinaonyesha jambo hilo vizuri. Kampuni iliwaalika waandishi wa habari Ijumaa, Aprili 19, kwa mkutano wa Jumanne, Aprili 23, mjini Nyuyoki, ambako ingetangaza kuwa imebadilisha ladha yake ya asili. Siku nne tu. Pepsi wakazitumia zote: asubuhi ya uzinduzi walikuwa magazetini na matangazo ya ukurasa mzima, wakijitangaza washindi wa vita vya kola kabla mwenye shughuli hajafungua kinywa.

Katika mpango wetu, mtu wa kwanza kuambiwa ukweli wote ni mangi. Yeye ndiye atakayeulizwa. Mpigamauzo ampitie siku nane kabla, amwonjeshe, amwambie bei ya jumla na siku ya gari. Magari ya depo yaanze kushusha Jumatano, si mapema zaidi. Usijidanganye kwamba utamkataza mangi kuuza hadi Jumamosi. Chupa ikishaingia dukani itauzwa jioni hiyohiyo. Ijumaa saa nne asubuhi hesabu ifanyike kwa macho, si kwa kumpigia simu dereva. Kama maduka yenye chupa hayajafika 480 kati ya 600, tangazo kubwa la Jumamosi lisogezwe. Bosi atanuna, lakini ukilirusha na maduka hayana kitu, utakuwa umelipa redio ili mangi atukanwe.

Siku yenyewe wengi huimalizia kwenye jukwaa, msanii na fulana. Sina ugomvi na muziki, ila fedha ningeziweka kwenye kuonjesha. Vituo 40, kila kimoja na chupa 36. Chupa moja inatoa vikombe saba vya mililita 50, kwa hiyo utafikia vinywa vipatavyo 10,000. Masharti ni mawili. Kwanza, soda iwe baridi sana, na barafu iliyopondwa iingie kwenye makasha tangu asubuhi, kwa sababu ukwaju wenye uvuguvugu huonekana mtamu kupita kiasi na ule uchachu hupotea. Pili, meza iwekwe hatua chache tu kutoka dukani. Aliyeonja akipenda, anunue kabla ladha haijaondoka mdomoni.

Jumatatu ofisini kutakuwa na shangwe: chupa elfu ishirini na zaidi zimeuzwa! Hapana, zimehamishwa. Zimetoka depo zikaingia madukani. Kama zimeingia matumboni hatujui bado. Hapo ndipo kazi ya kufuatilia huanza, nayo haihitaji zaidi ya daftari na miguu. Chagua maduka 40, uyapitie kila Jumanne kwa wiki nane, ukihesabu chupa zilizobaki.

Tuseme duka moja liliuza 30 wiki ya kwanza, 14 ya pili na 13 ya tatu. Anguko la kwanza lisikutishe, wale ni waonjaji. Cha kutazama ni kwamba 14 na 13 zinakaribiana: kuna watu wanarudi. Ingekuwa 30, 14, 5, ladha inakufa, na tangazo jipya litaichelewesha tu kaburini. Halafu pima na ndugu zake kwenye friji. Ikiwa ukwaju umeuza 13 lakini chungwa ya kampuni hiyohiyo imeshuka kwa tisa, faida halisi ni chupa nne.

Katika wiki ya tatu ndipo redio irudi, safari hii bila fumbo, ikiiweka soda kando ya chakula: mihogo ya kukaanga, chipsi, samaki. Na mtu wa kusikiliza malalamiko awepo tangu siku ya kwanza. Koka-Kola walikuwa wameonjesha karibu watu 200,000 kabla ya 1985, lakini kuonja hakukuwaambia watu wangejisikiaje wakinyang'anywa ile ya zamani. Simu ndizo zilizosema: kutoka 400 kwa siku hadi 1,500 kufikia Juni. Julai 11, siku 79 baada ya uzinduzi, ladha ya zamani ikarudishwa.

Kwetu simu huwa chache. Mangi hakupigii, siku gari likipita, anakuambia tu, "Ya ukwaju leo acha, nipe chungwa mbili."