Fahamu: Kwa nini nirigi anyonye dang'a mapema

Baadhi ya wafugaji kaskazini mwa Kenya hukamua dang'a ya ngamia na kuimwaga, wakihofia itamfanya nirigi aharishe. Kumbe hiyo ndiyo kinga yake. Nirigi huzaliwa karibu bila kingamwili, kwa sababu kondo la nyuma halizipitishi, na utumbo wake huacha kuzifyonza baada ya takriban saa 24. Basi anyonye katika saa chache za mwanzo.

Kitovu nacho kichovywe kwenye iodini mara tu anapozaliwa. Kikivimba au kutoa usaha, vijidudu huweza kufika kwenye viungo, akaanza kuchechemea.

Akiharisha, finya ngozi ya shingo: ikichelewa kurudi, amepungukiwa maji. Aendelee kunyonya, apewe maji yenye chumvi na sukari, na daktari wa mifugo aitwe.